Mwalimu wa balet akisema "sote" kumbe hamaanishi sisi sote. Naomba maana halisi ya plie, jete, piruweti na wenzake

MamaNaima
Habari zenu wana jukwaa. Nipo Dar, binti yangu ana miaka 8 na tangu Januari anaenda balet kila jumamosi. Mwanzoni akirudi ananiambia "mama mwalimu akisema sote tunaruka", nikajua mwalimu anawaita watoto, yaani sote turuke, nikasema huyu mwalimu mgeni anajitahidi Kiswahili. Kumbe sote ni jina la hatua, ni Kifaransa! Nimekuja kujua mwezi wa pili, nimeona aibu peke yangu jikoni.

Halafu ikaja tandu. Nikamwambia mwanangu tandu ni mdudu mwenye miguu mingi anauma, akanuna siku nzima akasema namtania.

Sasa shida yenyewe ni hii. Kwenye daftari lake mwalimu kaandika "jete si kuruka". Mimi nikiangalia video za jete naona watu wanaruka, tena wanaruka haswa, miguu imefunguka angani. Nikimsimamia mtoto nyumbani namwambia ruka, anaruka, jumamosi anarudishwa kulekule. Naomba anayejua anieleze haya majina yenyewe yanasema nini, maana nahisi nikijua neno linasema nini nitajua namuelekeza nini. Nimeuliza darasani nikaambiwa mama usijali atazoea.

PapaKivu
Mama jambo. Miye niko wa Bukavu, Kifaransa tulisomaka tangu primeri kwa hiyo nitakusaidia bila shida. Plie njo kukunja. Jete njo kutupa, ile ya kutupa takataka. Tandu ni yenye kunyooshwa ao kuvutwa kama kamba. Sote ni kuruka. Piruweti ni kuzunguka. Rahisi tu.

Kuna na moja banaita pa de sha, ile maana yake "hakuna paka". Sijue kwa nini banaita hivyo, labda paka alikuwa anasumbua danseri.

Nbi_Jirani
Hakuna paka 😂😂 aki nimekufa

MpishiForodhani
Hapo kwenye sote mmeniita. Mimi ni mpishi hotelini miaka mingi, sote kwetu ni kukaanga haraka kwa mafuta kidogo, sufuria pana, moto mkali, unarusha vitunguu hewani vinageuka vinarudi. Chef wetu wa kwanza alituambia ndo maana ikaitwa hivyo, chakula kinarukaruka. Na hiyo fondu naisikia kwenye balet pia? Kwetu fondu ni jibini iliyoyeyushwa watu wanachovya mkate. Mama kama mtoto anataka mambo ya upishi mlete baadae nitamfundisha.

MamaNaima
Kaka ana miaka 8, ni balet ya kucheza

MpishiForodhani
Nimeelewa dada, nasema tu maneno ni yaleyale

ShikaUpau
Mpishi yuko sahihi kuliko anavyojua, nitarudi kwake. Nimefundisha watoto Nairobi miaka 11, acha nijibu kwa utulivu maana hii ya jete ni kitu naona kila muhula.

PapaKivu amesema jete ni kutupa na hapo amepiga penyewe, ila amepita haraka. Jina kamili ni pa jete, yaani hatua ya kutupwa. Kinachotupwa ni nini? Mguu. Siyo mwili. Jina linaongea na mguu wa anayecheza, halimwambii mtazamaji ataona nini. Wewe mama umekaa upande wa mtazamaji, unaona mtu yuko hewani unasema anaruka, na kweli yuko hewani, lakini amefika huko kwa sababu ametupa mguu mmoja na mwingine umesukuma sakafu. Ukimwambia mtoto "ruka" anafanya nini? Anakunja magoti yote mawili anapanda juu kwa miguu yote miwili kama chura. Hiyo inaitwa sote, ndiyo jina lake hilohilo. Kwa hiyo mtoto wako anafanya sote nzuri tu mahali alipoambiwa jete, na mwalimu ana haki ya kuandika alivyoandika japo angeongeza sentensi moja ungelala vizuri.

Jete ndogo ya mtoto wa umri huo inakwenda hivi. Anasimama miguu imefungana, mmoja mbele mmoja nyuma. Anakunja, hiyo ndiyo plie. Mguu wa nyuma unatoka pembeni ukifagia sakafu, unyayo mzima kwanza, kisha vidole, mpaka unaondoka chini umenyooka. Wakati uleule mguu uliobaki unasukuma. Kwa kufumba na kufumbua yuko hewani miguu yote imenyooka. Anatua kwenye ule mguu alioutupa, tena kwa plie, na mguu mwingine unakuja kukaa nyuma ya kifundo cha mguu. Basi. Alitoka mguu huu katua mguu ule, hajatoka miwili katua miwili.

Unajuaje kama amekosea bila kuwa mwalimu? Fumba macho usikilize. Jete nzuri ina sauti ya kufagia kabla ya mruko, shwii, kiatu kinapopita sakafuni. Usiposikia shwii ujue mguu ameuinua kutoka kwenye goti, hajautupa.

MamaNaima
Eeh jamani. Shwii. Hiyo sauti sijawahi kuisikia kwetu, nasikia kishindo tu na jirani wa chini ameshalalamika

ShikaUpau
Kishindo ni habari ya plie ya kutua, tutafika. Kwanza jaribu hii: mvalishe kandambili iliyolegea mguu mmoja, ashike kiti, mwambie afagie sakafu pembeni mpaka kandambili iruke iende zake. Asirushe kwa goti, afagie. Ikienda mbali chinichini ameelewa, ikipanda juu dari ameinua goti. Ni mchezo wa kufundishia wazo tu, usiuzoeshe, maana ukitupa kandambili vidole vinalegea na kwenye jete yenyewe vidole vinatakiwa vielekee mbali vimenyooka. Mara tano sita inatosha.

PapaKivu
Mwalimu merci. Lakini niulize, mbona siyo "hakuna paka"? Pa ni hapana, pa de problem, pa de feza, tunasemaka kila siku

ShikaUpau
Haha PapaKivu, masikio yako ni ya Kifaransa cha mtaani ndiyo maana. Kuna pa mbili, hata maandishi ni yaleyale. Moja ni ya kukanusha, nyingine ni hatua ya mguu. Kwenye balet ni hatua kila mahali. Pa de sha ni hatua ya paka. Na ukiiona utakubali: goti moja linapanda, halafu la pili, kwa nukta moja miguu yote imekunjwa chini ya mwili, kisha unatua mmoja baada ya mwingine, pembeni, bila kelele. Mtazame paka anavyoruka kutoka ukutani kwenda ukuta wa pili.

PapaKivu
Aaaah. Pa ya mguu. Njo sawa kabisa, nimesahau ile. Lakini antrasha basi? Antre ni kati, sha ni paka. Katikati ya paka. Hapo umenishika ao nimekushika?

ShikaUpau
Hapo nimekushika tena samahani 😅 antrasha haina paka hata mmoja. Ni neno la Kitaliano lililopita kwenye midomo ya Wafaransa likageuka. Waitaliano walikuwa na mruko wanaouita kapriola intrechata, yaani mruko wa mbuzi uliosukwa. Sehemu ya "intrechata", iliyosukwa, Wafaransa wakaisikia kama antrasha. Ni kusuka kabisa, kama kusuka nywele, miguu inapishana hewani mbele nyuma mbele kabla ya kutua. Na ule mbuzi nao haukupotea, uko kwenye hatua nyingine inaitwa kabriol.

Nbi_Jirani
so kuna paka ambaye si paka na mbuzi ambaye ni mbuzi. Hii kitu ni shamba

ProfWaKijiweni
Naomba nichangie upande wa historia. Balet ni uvumbuzi wa Wafaransa, mfalme wao Louis wa 14 ndiye aliyeianzisha, kwa hiyo majina ni ya Kifaransa. Mengine ni stori.

ShikaUpau
Prof nusu yake. Mfalme mwenyewe alikuwa mchezaji na mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi pale Paris, na mtu wake Pierre Beauchamp ndiye anayetajwa kwa kuzipanga zile pozisheni tano za miguu ambazo Naima anazijua sasa hivi. Hapo ndipo majina yalipofungwa kwa Kifaransa. Lakini dansi yenyewe ilitoka majumba ya watawala wa Italia, hata neno balet ni la Kitaliano, na ilikuja Ufaransa zaidi ya miaka 70 kabla Louis hajazaliwa, zama za malkia Catherine de' Medici ambaye alikuwa Mtaliano. Ndiyo maana unakuta vipande vya Kitaliano vimevaa kanzu ya Kifaransa kama hiyo antrasha.

Na baadae Warusi walipoichukua hawakutafsiri, walikuwa na mwalimu mkuu St. Petersburg anaitwa Marius Petipa, mzaliwa wa Marseille, alifundisha kwa lugha yake.

ProfWaKijiweni
Sawa lakini kuanzisha ni kuanzisha. Mtu akijenga shule tunasema ameanzisha elimu

Nbi_Jirani
hatusemi hivyo Prof

Goti_la_Kulia
Samahani naingilia. Mimi nina miaka 26, nilianza balet kwa video nyumbani mwaka jana kwa ajili ya mazoezi tu, plie kila asubuhi 50. Sasa goti la kulia linauma upande wa ndani nikishuka ngazi. Kwani plie si ni skwoti tu? Nikifanya skwoti jim haliumi

ShikaUpau
Pole sana. Ukiona linaendelea nenda ukaonwe na mtu wa viungo, mimi siwezi kuliona goti lako kwa simu. Ila nikuulize, ukisimama unafungua vidole vya miguu mpaka wapi?

Goti_la_Kulia
Mpaka mwisho, mstari mmoja kabisa kama yule wa kwenye video

ShikaUpau
Na ukishuka magoti yanaelekea wapi? Angalia kwenye kioo halafu urudi

Goti_la_Kulia
Yanaelekea mbele… vidole viko pembeni magoti yako mbele

ShikaUpau
Ndiyo hiyo. Kabla ya kuendelea nirudi kwenye jina maana uzi ni wa majina. Plie ni kukunja, na Kifaransa wanatumia neno hilohilo kukunja goti na kukunja nguo, kama sisi tu. Sasa kitambaa unakikunja kwenye mkunjo wake, siyo? Ukikunja shati kwa kulisokota halijakunjwa, limefinyangwa. Goti ni bawaba, linakunja upande mmoja. Wewe umefungua nyayo kuliko nyonga zako zinavyoruhusu, kwa hiyo ukishuka goti linakunja na kusokotwa kwa wakati mmoja, na ule upande wa ndani ndio unaolipa. Kufunguka kwa mguu kunatoka juu kwenye nyonga, paja zima linageuka, nyayo zinafuata tu.

Punguza. Fungua kiasi kwamba ukikunja, goti linakwenda juu ya kidole cha pili cha mguu, hata kama ni kipembe kidogo tu kama mishale ya saa saba kasoro dakika tano. Visigino visitoke chini kwenye plie ndogo. Na siyo 50, kwa nini 50? Skwoti jim haikuumi kwa sababu huko goti na vidole vinaangalia upande mmoja.

Goti_la_Kulia
Sikuwahi kufikiria nyonga, nilijua ni miguu. Yule wa kwenye video anazungumza Kirusi nilikuwa nafuata picha tu

MamaNaima
Nimemkagua na Naima hapohapo haha, yake yako sawa. Ila nina swali kwenye hilo la kukunja. Mwalimu anawaambia "plie haikai", sijui ndo nini

ShikaUpau
Anamaanisha wasifike chini wakatulia. Watoto wakishuka wanapumzika kule chini kama wamekalia kigoda, halafu wanaanza safari mpya ya kupanda. Ikikaa, nguvu imeisha na mruko unaofuata unakuwa mzito. Inatakiwa ikifika chini iwe tayari inapanda. Na hicho kishindo cha jirani wako ni hichohicho kwa upande wa pili: anatua na mguu mgumu halafu ndio anakunja. Mkunjo uanze vidole vikigusa tu, vidole, unyayo, kisigino, goti, kwa mfululizo mmoja.

PapaKivu
Mwalimu niongeze kitu ya lugha, nafikiri hii miko sure. Haya majina mengi siyo amri. Jete, plie, frape, releve, hizi zote ni hali ya kitu chenye kimeisha kufanyiwa. Iliyotupwa, iliyokunjwa, iliyopigwa, iliyoinuliwa. Lakini kwa sikio "kutupa" na "iliyotupwa" ni sauti moja tu, zinatofautiana kwa kuandika. Kwa hiyo mtoto anasikia kama mwalimu anamwamuru.

ShikaUpau
Safi sana, hapo umenisaidia hata mimi. Na ndiyo maana ukisoma majina kamili yana neno mbele: pa jete hatua iliyotupwa, batma tandu pigo lililonyooshwa, batma fondu pigo lililoyeyushwa. Watu wamechoka kusema yote wakabakiza mkia. Kiswahili kinaibeba vizuri kwa ile -wa yetu ya mwisho.

Na hapa ndipo namrudia mpishi. Fondu ya kwetu ni mguu wa kusimamia unakunjwa taratibu huku mwingine umejikunja kwenye kifundo, halafu yote miwili inanyooka pamoja na kufika pamoja. Kosa lake kubwa ni mguu mmoja kumaliza kabla ya mwenzie. Samli ikiyeyuka haikatiki katikati.

MpishiForodhani
Nilisema mimi. Na mnayo fuete? Maana kwetu fue ni ule mchapo wa waya wa kupigia mayai na krimu, na krimu fuete ni krimu iliyopigwa ikaumuka

ShikaUpau
Tunayo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Fue asili yake ni mjeledi. Fuete ni iliyochapwa. Lakini siwezi kueleza fuete kabla ya piruweti, na hapo PapaKivu alisema piruweti ni kuzunguka tu. Leo hii ndiyo, lakini zamani neno hilo lilikuwa jina la kitu, mchezo wa watoto. Pia. Ile pia ya mti ya kuzungusha chini.

MzeeWaTanga
Pia?? Hii ya kuchonga? Wajukuu zangu hawaijui nikiwatajia wanasema "pia nini babu". Sisi tulichonga kwa mti wa mpera, chini unapigilia msumari unakata kichwa, unauzungushia uzi unaachia, halafu unaichapa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye kijiti isianguke. Unaichapa inazidi, ukiacha inaanza kulewa, inayumba, inalala. Kumbe Wazungu nao.

ShikaUpau
Mzee umemaliza kazi yangu yote. Piruweti ni pia, fuete ni kuchapa. Kwenye piruweti mtoto anasimama juu ya mguu mmoja kwenye vidole, ule ni msumari wako. Mguu wa pili umekunjwa vidole vikigusa goti. Mikono imekusanywa mbele kama amekumbatia mtungi. Kila kitu kimesogezwa karibu na mhimili. Watoto wanaanguka kwa sababu wanadhani kuzunguka kunahitaji nguvu nyingi, wanarusha bega na mkono, na pia ikiachiwa imeinama hata uivute kwa nguvu gani italewa tu. Nawaambia kwanza simama hivyohivyo bila kuzunguka uhesabu nne. Ukishindwa kusimama huwezi kuzunguka. Halafu robo, halafu nusu.

Kitu kimoja tu ambacho pia haina ni kichwa. Mchezaji anaacha macho mahali pamoja ukutani, mwili unaondoka, kichwa kinabaki, halafu kinageuka chap kinawahi kurudi palepale. Ndiyo inayozuia kizunguzungu.

Sasa fuete: anazunguka mara nyingi mfululizo, na kila mzunguko ule mguu wa hewani unafunguliwa unachapa pembeni, unarudi gotini. Mwaka 1895 St. Petersburg, kwenye balet ya Ziwa la Mabatamaji, Mtaliano Pierina Legnani alichapa 32 mfululizo na mpaka leo anayecheza sehemu ile anahesabiwa 32.

MzeeWaTanga
Mwalimu nina pingamizi. Pia inachapwa na mtu aliye nje. Huyu dada anajichapa mwenyewe kwa mguu wake? Mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi hawezi kuusukuma mtumbwi kwa kuvuta ukingo wake. Nguvu inatoka wapi?

ShikaUpau
Swali zuri sana mzee na nikiri wachezaji wengi hawajui jibu. Tazama mguu wa chini, watu wote wanaangalia wa juu. Kila mzunguko anashuka, kisigino kinagusa chini na goti linakunja, plie ileile. Hapo unyayo mzima uko sakafuni na anaisukuma sakafu. Aliye nje ni sakafu. Mguu wa juu kazi yake ni kutunza: unapofunguka mwili unapungua kasi, unaonekana kama umesimama kuwatazama watu, mzunguko wote umehamia kwenye ule mguu, ukirudishwa gotini unaurudishia mwili.

MzeeWaTanga
Kwa hiyo kinachochapa si kinachotia nguvu. Basi jina limedanganya kidogo

ShikaUpau
Jina linaeleza mguu unavyokwenda, chap kama mjeledi. Halikuahidi fizikia.

MzeeWaTanga
Mimi bado naona pia na mjeledi ni hadithi moja na walioiita waliona watoto barabarani

ShikaUpau
Inawezekana mzee, ila sina ushahidi kwamba majina yale mawili yalitolewa pamoja, kwa hiyo siwezi kuapa. Ni tamu sana kiasi kwamba naiogopa.

Nbi_Jirani
na sisone ni mkasi? dada yangu alifundishwa mkasi, miguu inafunguka kama mkasi na jina lasound hivyo

ShikaUpau
Inafanana na mkasi kwa macho na kwa sikio, ndiyo maana karibu kila mtu amefundishwa hivyo. Lakini mkasi wa Kifaransa ni sizo, na kuna mruko mwingine kabisa wenye jina hilo. Sisone inasemekana imetokana na jina la mtu, bwana mmoja mwenye cheo wa Sissonne. Haielezi chochote mguuni. Hiyo ikariri tu.

MamaNaima
Nimerudi. Ripoti ya kandambili. Ya kwanza ilipiga dari. Ya pili ilipiga dari. Ya tatu Naima akanuna akasema mama mbona inapanda, nikamwambia fagia, usiinue, fagia kama unatoa mchanga mlangoni kwa mguu. Ya nne ikaenda moja kwa moja chinichini ikapiga mlango wa friji paa. Akacheka mpaka akakaa chini. Tukavua kandambili tukavaa kiatu chenyewe, afanye taratibu akishika kiti, na mwalimu NIMEISIKIA. Shwii. Halafu akajaribu kuachia kiti, mara mbili za kwanza akarudia kutua miguu miwili, ya tatu akatua mmoja. Hakujua kama ametua mmoja, mimi ndo nimeona.

ShikaUpau
Umeona mwenyewe bila mtu kukuonyesha, hongera. Mguu wa pili ulikaa wapi?

MamaNaima
Ulining'inia nyuma tu hauna adabu

ShikaUpau
Utapata adabu. Mahali pake panaitwa kudepie, shingo ya mguu, Wafaransa wanasema mguu una shingo. Mwambie mguu wa nyuma ukamshike mwenzie shingoni. Watoto hawasahau.

MamaNaima
Haya. Ila limezuka jingine. Kwenye karatasi ya mtihani wa mwezi wa sita kuna "batma glise". Kwenye video niliyompa ya Warusi yule dada anafanya kitu kilekile anaita batma jete. Na mwalimu wake darasani anasema degaje. Naima anauliza ni vitatu au kimoja

ShikaUpau
Kimoja. Mguu unafagia kutoka pembeni ya mwenzie unaondoka chini kidogo tu, sentimita chache, unarudi. Ni ileile nusu ya kwanza ya jete yenu ya kandambili bila mruko. Waingereza wa mitihani wakatazama sakafuni wakaita glise, iliyoteleza. Walimu wa njia ya Mtaliano Cecchetti wakatazama pale mguu unapoachana na sakafu wakaita degaje, iliyoachiliwa. Warusi wakatazama mwendo wenyewe wakaita jete, iliyotupwa. Wote wanasema kweli, kila mmoja amekamata kipande chake.

PapaKivu
Na kwa Kiswahili tutaiita nini? Miye naleta "kufagia"

Nbi_Jirani
mimi nasema tutafsiri zote tumalize. kunja, tupa, pia, chapa. Kwani lazima mtoto wa Dar akariri lugha ya mfalme wa watu

ShikaUpau
Mimi darasani nasema yote mawili, Kifaransa kwanza maana mtoto akienda darasa lolote Seoul au Havana ataitiwa plie na atakunja bila kuuliza. Kiswahili ni cha kumfungulia mlango.

Nbi_Jirani
mlango ukifunguka si ndio huo ashaingia, ya kurudi kwa Kifaransa ni ya nini

MzeeWaTanga
Piruweti iitwe pia. Hiyo siachii.

MamaNaima
Mwalimu wa jumamosi anataka degaje, mtihani unataka glise. Siku ya mtihani mtahini akisema glise na mtoto kazoea degaje atasimama tu pale amtazame. Nimwambie mwalimu abadilishe au nimfundishe Naima mwenyewe majina matatu?

ShikaUpau
Mfundishe matatu. Lakini ongea na mwalimu pia, kistaarabu, muulize tu karatasi inasema hivi na wewe unasema hivi.

MzeeWaTanga
"Ongea na mwalimu pia". Mmeona? Ndo maana wajukuu wanachanganyikiwa